Picha ya Glasi: Uchambuzi wa Kisa cha Kuandika Maelezo ya Mwezeshaji kwa Slaidi Zenye Vichwa na Picha Pekee

## Usuli

Kisa hiki kinahusu seti ya slaidi 22 zilizotumika kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii namna ya kumhudumia nyumbani mtoto anayeharisha. Mafunzo yalifanyika katika wilaya mbili za pwani ya Tanzania. Majina ya wilaya, taasisi na wahusika yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili mtu yeyote asitambulike.

Slaidi ziliandaliwa na muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye hapa nitamwita mwandaaji. Alikuwa na msimamo, nami naukubali, kwamba slaidi iliyojaa aya humfanya mshiriki asome ukutani badala ya kumsikiliza anayefundisha. Kwa hiyo kila slaidi yake ilikuwa na kichwa cha neno moja au mawili na picha moja kubwa: "Macho", "Ngozi", "Pakiti Moja", "Glasi", "Kijiko", "Kalenda". Niliwahi kukaa nyuma ya ukumbi akifundisha kwa slaidi hizo, na kwa saa nzima sikumwona mshiriki hata mmoja akisinzia. Sehemu ya maelezo iliyo chini ya kila slaidi ilikuwa tupu, kwa sababu maelezo yote alikuwa nayo kichwani.

Baadaye mwandaaji alipata uhamisho kwenda mkoa mwingine. Kabla ya kuondoka aliwapa wawezeshaji sita kiungo cha faili hilo katika Google Slides, wote wakiwa na ruhusa ya kuhariri, akawatakia kazi njema.

## Kilichotokea

Awamu ya kwanza bila mwandaaji iliendeshwa na wawezeshaji watatu, kila mmoja katika kituo chake. Wote walikuwa watu wa afya, na kila mmoja alifungua faili usiku wa kuamkia mafunzo, akapitia picha, akajipangia la kusema. Hakuna aliyelalamika kwamba slaidi hazina maelezo. Slaidi yenye kichwa na picha haionekani kuwa na upungufu: mtu anayeijua mada atapata la kusema juu yake kwa dakika tano bila kukwama, na kwa kuwa hakukwama hatajua kwamba amesema jambo ambalo picha haikukusudiwa kulisema.

Wiki sita baada ya mafunzo, msimamizi alipita vijijini na kuwaomba wahudumu kumi na mmoja wachanganye ORS, yaani pakiti ya unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayeharisha, mbele yake, kila mmoja kwa vyombo vya nyumba aliyokuwamo. Wanne kati yao walimimina pakiti nzima kwenye glasi ya maji ya kunywa, glasi ya kawaida inayochukua takriban robo lita. Pakiti walizopewa zilikuwa za lita moja. Mchanganyiko wa namna hiyo una chumvi na sukari takriban mara nne ya kiasi kinachotakiwa, na kwa mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji unaweza kuongeza kuhara na kupandisha chumvi katika damu kwa kiwango cha hatari. Kwa bahati hakuna mtoto aliyeripotiwa kudhurika.

Wote wanne walikuwa wamefundishwa na mwezeshaji mmoja, na chanzo kilipotafutwa kikapatikana kwenye slaidi ya "Glasi". Picha yake ilionyesha mkono ukimimina pakiti kwenye glasi. Mwandaaji alikuwa akiionyesha, ananyamaza, kisha anauliza, "Mnaona nini hapa?" Baada ya muda mtu hutamka kwamba glasi ni ndogo, na ukumbi mzima huanza kubishana juu ya vyombo vya majumbani mwao. Picha hiyo ilikuwa picha ya kosa. Mwezeshaji mpya aliiona ikifuata slaidi ya "Pakiti Moja", akaona mkono, pakiti na glasi safi yenye maji safi, akaeleza alichokiona. Ningekuwa mimi, ningefanya vilevile.

Ndipo nilipoombwa kuandika maelezo ya mwezeshaji kwa slaidi zote 22 ndani ya wiki tatu, kabla ya awamu ya pili.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoanza kuandika. Nilizipitia slaidi zote nikijiuliza swali moja kwa kila slaidi: mtu akisimama mbele ya picha hii na kusema kinyume cha kinachotakiwa, je, kuna chochote kwenye slaidi kitakachomzuia? Kwa slaidi 13 jibu lilikuwa ndiyo. Picha ya mikono ikioshwa kwa sabuni haiwezi kusomwa vibaya kwa urahisi. Kwa slaidi tisa jibu lilikuwa hapana, na hizo tisa ndizo zilizochukua karibu muda wangu wote.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumtafuta mwandaaji kwa simu badala ya kutegemea mwongozo wa matibabu. Mwongozo ungenipa dozi sahihi, lakini usingeniambia kwa nini picha fulani ilichaguliwa. Mazungumzo ya kwanza hayakuzaa kitu. Nilimwamkia, nikamweleza shida, kisha nikawa nauliza slaidi baada ya slaidi, "Mama, hii inamaanisha nini?" Majibu yalikuwa mafupi na ya haraka: "Hiyo ni ya glasi, mwanangu, si unaiona?" Kwake maana ilikuwa wazi mno kiasi cha kukosa maneno ya kuielezea.

Jioni ya pili nilibadilisha ombi. Nilimwomba anifundishe, kana kwamba mimi ni mhudumu mpya niliyetoka kijijini asubuhi ile, na nikamwomba ruhusa ya kumrekodi. Hapo kila kitu kilitoka: maswali anayouliza, mahali anaponyamaza, majibu ya makosa anayoyatarajia, na mifano ya vyombo. Alipofika kwenye "Kalenda" nilishtuka. Picha ilikuwa ya kalenda ya ukutani ambayo siku ya tatu imezungushiwa duara jekundu. Nilikuwa nimeshaandika pembeni kwamba slaidi hiyo inahusu siku ya kumrudisha mtoto kituoni. Kumbe duara lile liliwekwa kwa sababu siku ya tatu ndiyo siku ambayo kuhara mara nyingi huanza kupungua, mzazi anaona mtoto amepona, na vidonge vya zinki vinawekwa juu ya kabati. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, kidonge cha miligramu 20 kila siku, na nusu yake kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Mwezeshaji asiyejua angeweza kusimama mbele ya duara lile na kufundisha kwamba zinki ni ya siku tatu.

Uamuzi wa tatu ulihusu umbo la maelezo, na hapa tulibishana. Wawezeshaji wawili walitaka hotuba kamili ya kusoma. Mmoja, mzee aliyefundisha kwa muda mrefu, alisema maneno matatu kwa kila slaidi yanamtosha. Nilichagua njia ambayo haikumfurahisha yeyote kati yao kikamilifu. Sentensi ya kwanza inasema picha ni ya nini, na kama inaonyesha jambo sahihi au kosa. Kisha linafuata swali la kuwauliza washiriki. Maneno ya kutamka yanaandikwa neno kwa neno pale tu penye kipimo, muda au dalili ya hatari, kwa kuwa hapo mtu akibadilisha neno moja anabadilisha tiba. Mengine yote mwezeshaji anayasema kwa kinywa chake. Haya ndiyo maelezo ya slaidi ya "Glasi" yalivyokuwa baada ya kusahihishwa:

> GLASI. Picha hii inaonyesha kosa. Pakiti ya lita moja haichanganywi kwenye glasi.
>
> Onyesha picha, nyamaza, kisha uliza: "Mnaona nini hapa?" Subiri mtu ataje ukubwa wa chombo. Asipotokea, uliza: "Glasi kama hii inaingia mara ngapi kwenye lita moja?"
>
> Tamka kama ilivyoandikwa: "Pakiti moja nzima kwa lita moja ya maji safi na salama. Usigawe pakiti, usipunguze maji. Zikipita saa 24, mwaga yaliyobaki na uchanganye mengine."
>
> Usiondoke hapa kabla mshiriki mmoja hajapima lita moja mbele ya wenzake.
>
> Inayofuata: KIJIKO.

Kichwa cha slaidi kimerudiwa mwanzoni kwa herufi kubwa, na slaidi inayofuata imetajwa kwa kichwa chake badala ya namba. Nilifanya hivyo kwa sababu faili ni la watu sita, na watu sita hupanga slaidi upya. Maneno kama "tulivyoona kwenye slaidi iliyopita" au "rudi slaidi ya 7" hubaki kweli mpaka siku mtu atakapohamisha slaidi moja.

Uamuzi wa nne ulikuwa kutoigusa slaidi yenyewe. Baadhi ya wawezeshaji walipendekeza tuweke alama nyekundu ya X juu ya glasi na mambo yaishe. Mwandaaji alikataa kwa hoja nzito: alama ikiwepo, swali "Mnaona nini?" limeshajibiwa kabla ya kuulizwa, na mshiriki anakumbuka alama badala ya kipimo. Nilikubaliana naye. Uamuzi huu ulikuja kunirudi.

## Matokeo

Jaribio la kwanza lilifanyika kwa nusu siku, mwezeshaji mmoja akiwafundisha wenzake. Maelezo niliyokuwa nimeandika wakati huo yalikuwa na maneno 180 hadi 200 kwa slaidi, maana nilikuwa nimemwaga karibu kila kitu nilichorekodi. Kwenye skrini ya kompyuta ndogo maelezo hayo hayakutoshea, ikabidi mwezeshaji ashushe ukurasa katikati ya sentensi. Aliinamisha kichwa kwa muda mrefu hadi mmoja wa wenzake akamwambia, "Ndugu, tuangalie na sisi." Nilirudi nyumbani nikapunguza. Kipimo nilichotumia kilikuwa rahisi: maelezo yote yaonekane kwenye skrini bila kushusha, na jicho lipate linachotafuta kwa mtazamo mmoja. Mengi yaliishia kati ya maneno 60 na 90.

Tatizo la pili lilitokea siku hiyohiyo. Kompyuta ilikuwa imewekwa ili projekta ionyeshe kilekile kilichoko kwenye skrini. Mwezeshaji alipofungua `Presenter view`, dirisha la maelezo likatokea ukutani. Katika slaidi moja nilikuwa nimeandika, kwa nia njema, kwamba wahudumu wa kata fulani hupenda kubishana juu ya maji ya kisimani, kwa hiyo mwezeshaji asipoteze muda nao. Waliokuwepo walikuwa wenzetu, tukacheka. Ingekuwa siku ya mafunzo, tusingecheka. Tangu hapo nimefuta katika maelezo kila sentensi ambayo nisingependa kuiona ukutani. Isitoshe, katika faili la pamoja, hata aliyepewa ruhusa ya kutazama tu huweza kusoma maelezo hayo.

Awamu ya pili ilipofika, wawezeshaji wanne walitumia faili lenye maelezo. Wa tano alipangiwa kituo kisicho na mtandao. Kabla hajaenda huko, mwenzake alimtumia slaidi kwa WhatsApp zikiwa PDF, kama walivyozoea. PDF inayopatikana kwa `File > Download` hubeba slaidi peke yake, na maelezo hubaki nyuma. Akafundisha kwa picha zilezile bila neno hata moja chini yake, na akafika kwenye "Glasi". Bahati nzuri alikuwa amehudhuria jaribio na alikumbuka kwamba ile ni picha ya kosa. Lakini ulinzi wetu wote dhidi ya kosa lililotuleta kazini ulikuwa umekaa mahali ambapo mtu angeweza kuuacha nyuma bila kujua.

Tulirekebisha kwa njia mbili. Tuliandaa nakala ya kuchapisha kwa kufungua `File > Print preview` na kuchagua `1 slide with notes`, ili kila ukurasa uwe na slaidi juu na maelezo chini, na nakala hiyo ndiyo ikawa inatumwa. Kisha tukarudia mjadala wa alama nyekundu, na safari hii mwandaaji mwenyewe akapendekeza suluhisho: picha ya "Glasi" ibaki bila alama, na ifuatwe na slaidi nyingine yenye picha ileile iliyowekewa alama nyekundu ya X, pembeni yake chupa ya lita moja. Swali linabaki hai, na jibu linasafiri pamoja na picha hata pale maelezo yanapopotea. Kwa "Kalenda" tulifanya vivyo hivyo: duara la siku ya tatu likafuatwa na slaidi ambayo siku kumi zote zimetiwa alama.

Msimamizi alipopita tena, kati ya wahudumu kumi na wawili aliowaomba wachanganye ORS hakuna aliyetumia glasi. Sitaki kuyapa maelezo sifa yote kwa hilo. Wawezeshaji walikuwa wameshajua kwamba kosa la glasi litafuatiliwa, na bila shaka walilisisitiza kwa sauti kubwa kuliko mengine.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa kuliko vyote ni kumwomba mwandaaji afundishe badala ya kumwomba aeleze. Maelezo ya mwezeshaji yanapaswa kubeba vitu viwili tofauti, yaani maarifa ya mada na kusudi la picha. Maarifa ya mada yanapatikana kwa watu wengi na katika vitabu. Kusudi la picha lilikuwa kwa mtu mmoja tu, na yeye mwenyewe hakuweza kulitoa mpaka alipowekwa katika hali ya kulitumia. Kama ningeandika maelezo kwa kuangalia picha na kufungua mwongozo wa matibabu, ningepata maandishi sahihi kitabibu yaliyokaa chini ya picha zisizo zao.

Nina ushahidi wa hilo, na ushahidi ni kosa langu. Slaidi ya "Kijiko" ilionyesha kikombe na kijiko kidogo kando yake. Rekodi ya sehemu ile ilikatika, na kwa haraka nilijaza mwenyewe, nikaandika kuhusu kiasi: mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, na 100 hadi 200 kwa aliyezidi umri huo. Viwango hivyo ni sahihi. Lakini mwandaaji alipoyasoma aliniambia kwamba kijiko kiliwekwa kwa ajili ya mwendo. Slaidi ile inamhusu mama ambaye mtoto wake ametapika ORS na yeye akahitimisha kwamba dawa imekataliwa. Anachopaswa kusikia ni kwamba asubiri dakika 10, kisha aendelee polepole zaidi, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Maelezo yangu yangeweza kusomwa mbele ya picha ile kwa miaka bila mtu kugundua kasoro, na akina mama wa watoto wanaotapika wangerudi nyumbani bila jibu. Kosa la namna hii halionekani kwa kusoma maelezo peke yake, kwa kuwa kila sentensi yake ni ya kweli. Linaonekana ukiuliza kwa nini picha ina kitu fulani ambacho maelezo hayakitaji. Picha ilikuwa na kijiko, na neno kijiko halikuwemo katika maelezo yangu.

Sentensi ya kwanza yenye hukumu, yaani "picha hii inaonyesha kosa", ilifanya kazi kwa sababu ya mahali ilipokaa. Katika rasimu za awali hukumu hiyo ilikuwa mwishoni, baada ya maelezo ya kutosha, kama tunavyofanya tunapoandika insha. Mwezeshaji aliyesimama mbele ya watu husoma mstari mmoja, anainua uso, anaanza kusema. Kilichokuwa mstari wa nne alikisoma akiwa tayari ameshasema kinyume chake.

Lililoshindikana, na ambalo bado halijapata dawa kamili, ni umiliki wa maelezo katika faili la watu wengi. Mwezi mmoja baada ya awamu ya pili, mwezeshaji mmoja alitaka slaidi ya maji ya kuchemsha. Alinakili slaidi ya "Glasi", akabadilisha kichwa na picha, akaendelea na kazi yake. Slaidi ikinakiliwa, maelezo yake hunakiliwa pia. Kwa hiyo chini ya picha ya sufuria iliyo jikoni kukawa na maelezo yanayoanza kwa kusema kwamba picha hii inaonyesha kosa. Mwenzake alipoifungua alishangaa, akadhani kuchemsha maji nako kumekatazwa, akapiga simu. Kilichomshtua ni neno GLASI mwanzoni mwa maelezo, lisilolingana na kichwa cha slaidi. Niliuweka mrudio ule wa kichwa kwa ajili ya kupanga slaidi, na umekuja kufaa zaidi kama alama ya kutambua maelezo yaliyohama. Tulipofungua `File > Version history` tulijua ni lini slaidi ilinakiliwa, tukaiandikia maelezo yake.

Tangu hapo kila maelezo yana mstari wa mwisho wenye tarehe na jina la kazi la aliyeyapitia, na ruhusa ya kuhariri imebaki kwa watu wawili. Wengine wanne wanaweza kutoa maoni, na anayetaka slaidi mpya anaomba. Wawili wamelalamika kwamba utaratibu huu unawachelewesha, na ni kweli unawachelewesha: ombi la mwisho lilichukua siku tisa kujibiwa, na mafunzo yaliyolihitaji yalikuwa yameshafanyika kwa slaidi ya zamani.